Mistari Nyuma ya Mlango

Mwenye nyumba wangu alikuwa mtu wa maandishi. Simu alikuwa nayo, lakini ukianza kumweleza jambo la nyumba anakukatisha: "Niandikie." Mkewe alipofariki alihamia Iguguno kulima alizeti, na nyumba yake ya Singida mjini akatupangisha. Miaka minne nilikaa chumba cha mbele. Siku moja akanijulisha kwamba kijana wake anaoa, anakitaka chumba, nihame.

Kuhama sikubisha. Shida ni pa kwenda. Nilizunguka wiki mbili na mtoto mgongoni, na kila wenye nyumba waliposikia napika maandazi, nyuso zilibadilika. Mama mmoja tu wa Unyambwa ndiye aliyenielewa, tena kwa sharti: mwenye nyumba wangu ampigie mwenyewe, amwambie chumba nimekiachaje. "Jumamosi ikifika sijasikia neno lake, nampa mwingine." Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kama si kwake, ningelala wapi na watoto wawili?

Na chumba chenyewe, jamani! Kila masika nilikaangia humo humo ndani. Ukuta ulikuwa mweusi kwa masizi, mafuta yamerukia mpaka usawa wa kichwa, sakafu ya saruji imejaa madoa. Nilikaa chini nikalia, kisha nikajitukana kwa uvivu wangu, nikaenda kununua chokaa.

Mjinga mimi, nikaipaka juu ya uchafu. Jioni palipendeza, nikalala nacheka. Asubuhi madoa ya mafuta yalikuwa yametokeza upya, ya manjano, tena makubwa kuliko mwanzo. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikaanza upya kabisa. Alhamisi vidole vimechubuka, nikaandika barua na kumkabidhi konda wa basi la asubuhi la Iguguno:

"Shikamoo baba. Chumba nimekisafisha hivi. Masizi niliyafagia makavu kwanza, maana ukiyalowesha yanasambaa. Kisha nikakwangua kuta zote mpaka kwenye lipu, nikasugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikasuuza, nikaacha zikauke, ndipo nikapaka chokaa mara mbili. Madoa ya sakafuni niliyafunika kwa majivu yanyonye mafuta, nikafagia, nikasugua kwa brashi ngumu, nikarudia. Doa moja karibu na dirisha limefifia tu, sikufichi. Hata ile mistari ya mkaa ukutani nyuma ya mlango niliyoikuta nilipoingia, kumi na mmoja, wa juu ukinifika begani, nimeiondoa yote. Tafadhali baba, nakuomba umpigie huyo mama kabla ya Jumamosi. Sina pengine."

Hiyo mistari niliitaja kwa kujisifu. Nilitaka aone nimesafisha hata uchafu usio wangu.

Ijumaa mchana nikamwona mlangoni, barua mkononi, anahema. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yake yako nyuma yangu. Sakafu hakuitazama. Doa la dirishani hakuliuliza. Aliuvuta mlango, akasimama mbele ya ule ukuta mweupe.

"Hapa ulikwangua kwanza, au ulipaka chokaa juu tu?"

Nikadhani ananipima. "Nilikwangua baba! Mpaka lipu!"

Akaweka kiganja ukutani, chini, usawa wa kiuno changu. Akakipandisha taratibu.

"Marehemu mama yao alikuwa anawasimamisha watoto hapa," akasema. "Kila Krismasi. Anachora juu ya vichwa vyao. Nilitaka mkwe aone."

Nikapiga magoti kwenye sakafu yangu safi. "Nisamehe baba, sikujua. Wallahi sikujua!" Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili yangu pia, siwezi kudanganya, kichwani niliona virago vyangu viko barabarani. Laiti ningebaki na uvivu wangu wa kwanza, chokaa tupu juu, labda angepata cha kufukua.

"Inuka, mama. Ni mimi sikukuambia." Akatoa simu, akaniomba namba ya yule mama wa Unyambwa, nikaitaja.

"Mimi ndiye mwenye nyumba wake," alisema. "Mpe chumba. Anasafisha. Haachi kitu."

Akakata simu. Kisha akaenda kwenye jiko langu pale uani, akarudi na kipande cha mkaa, akaikunjua barua na kuisoma tena.

"Umeandika wa juu ulikufika begani. Simama hapa."

Nikasimama, mgongo ukutani, nikivuta kamasi. Akachora mstari mmoja kwenye chokaa mpya, usawa wa bega langu. Ile kumi mingine, si mimi si yeye, hakuna aliyekumbuka ilikuwa wapi.