Skrini Iliyosimamishwa

Skrini ililetwa dukani ikiwa imefungwa kwa blanketi. Madam alikuwa ameinunua Nairobi, televisheni ya mkono wa pili kutoka ng'ambo, ya aina ya plasma, nzito kiasi kwamba watu wawili waliibeba wakipumzika njiani. Tuliiweka juu ya meza karibu na mlango, ikitazama barabara, ili mtu anayepita kwa miguu Kitengela aone bei ya chakula cha kuku bila kuingia kuuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa na rimoti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, niliishia darasa la nane, na nilikuwa msichana wa kuuza katika duka hilo la chakula na dawa za mifugo. Siku nyingi nilikuwa peke yangu, kwa sababu Madam alikuwa na duka lingine Kiserian na alipita kwetu asubuhi au jioni tu. Sikuwa msemaji. Wateja walizoea kunyoosha kidole na mimi kutoa.

Tulipoiwasha mara ya kwanza, skrini iliuliza kama itatumika nyumbani au dukani. Nilimtazama Madam.

"Hapa ni wapi?" akaniuliza. "Si ni duka? Bonyeza duka."

Nikabonyeza. Hakuna mtu kati yetu aliyejua kwamba swali lile ni la watu wanaouza televisheni. Ukichagua duka, skrini inawaka kwa nguvu zake zote ili ishinde zile nyingine zilizopangwa kando yake, na hata ukiipunguza mwanga, baada ya muda mfupi inajirudisha yenyewe juu. Sisi tuliona tu kwamba inang'aa vizuri, na Madam akafurahi.

Mengine niliyajifunza polepole, nikisoma menyu neno kwa neno. Ilikuwa ikijizima baada ya saa nne isipoguswa, nikaiondolea hiyo. Stima ikipotea na kurudi, ilibaki na taa nyekundu mpaka niibonyeze. Picha zilikuwa kwenye flashi ndogo nyuma yake: bei ya chakula cha kuku wa mayai, bei ya chanjo, siku ya vifaranga kufika. Kila moja ilikaa sekunde kumi, kisha inayofuata. Nilipenda kuitazama. Ilikuwa inasema kwa niaba yangu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Isinya ambaye alikuwa akifuga kuku na kuuza mayai kwenye vibanda vya chai na chapati hapo kwetu. Tulimwita Mama Mayai. Alikuwa mtu wa Ukambani, mrefu, mwenye leso ya kijani, na alinisalimia kabla sijamsalimia kwa sababu alijua sitaanza. Wiki moja nilimuuzia pakiti ya dawa ya kuhara kwa kuku. Kila Jumatatu nilitakiwa kuangalia tarehe za dawa zote kwenye rafu, na Jumatatu hiyo sikuangalia. Dawa ilikuwa imepitwa na wakati.

Aliirudisha. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini kwamba aliona tarehe kabla ya kuichanganya na maji, kuku wako salama, na hataki nipate shida. Nikamwambia achukue pakiti nyingine mwenyewe kwenye rafu, na ile mbaya nikaitupa ndani ya katoni ya dawa zilizoharibika nyuma ya duka. Katika duka letu mteja haruhusiwi kugusa rafu. Kila kitu hupitia kwenye kaunta. Mama Mayai alikuwa anaweka pakiti kwenye kikapu chake wakati Madam alipoingia.

Madam alisimama mlangoni, akatoa simu na kumpiga picha, mkono ukiwa bado ndani ya kikapu.

"Mama Mayai," alisema, "kuku wakikataa kutaga, wewe unataga dawa?"

Watu wawili waliokuwa nje wakacheka. Mama Mayai alisema si hivyo, amebadilishiwa, muulize msichana wako. Madam akanigeukia.

Nilijua la kusema. Lilikuwa fupi. Lakini kulisema kulikuwa ni kusema kwamba nimeuza dawa mbaya, na msichana aliyekuwa pale kabla yangu alifukuzwa kwa jambo kama hilo hilo. Nilitazama sakafu. Nilisikia Madam akisema, "Unaona? Hata yeye ameshindwa kukutetea." Mama Mayai akarudisha pakiti juu ya kaunta, taratibu, akatoka.

Kesho yake Madam alileta flashi ikiwa na picha ya nne. Kijana wa saiba, duka la kompyuta la jirani, alikuwa ameitengeneza: Mama Mayai na mkono wake ndani ya kikapu, na chini yake ukanda mweusi wenye herufi kubwa nyeupe, MWIZI. Niliichomeka mimi. Bei, chanjo, vifaranga, Mama Mayai. Sekunde kumi kila moja.

Siku chache baadaye Madam alisema watu wanapita kabla zamu ya Mama Mayai haijafika. Akaniambia nisimamishe picha hapo hapo. Nikabonyeza, ikasimama. Baada ya dakika kama kumi skrini ikaanza kucheza mistari yake yenyewe juu ya giza, na sura ya Mama Mayai ikapotea. Madam alikuwa bado yupo. Akasema niitoe hiyo takataka. Niliitafuta kwenye menyu, nikaona ni kinga, inajiwasha picha ikikaa bila kusogea. Kulikuwa na maandishi ya Kiingereza ya kuonya. Nilisoma mstari wa kwanza, kwamba picha isiyosogea, halafu Madam akasema, "Unasoma Biblia? Bonyeza." Nikazima kinga.

Hivyo picha ikakaa. Nilifungua duka asubuhi nikaiwasha, nikaiacha mpaka jioni, kwa wiki tatu. Kuizima nisingeweza, kwa sababu Madam alikuwa akimpigia simu jirani wa duka la M-Pesa ng'ambo ya barabara amwambie kama inawaka. Nilichojaribu ni mwanga. Madam akishaondoka niliupunguza mpaka chini, uso ukawa giza na herufi zikawa kama moshi. Kisha ninapopima unga wa mifupa au kufunga mfuko, nageuka nakuta umerudi wote, mweupe wa kuumiza macho. Nilipunguza tena. Ukarudi tena. Nilifikiri Madam anaiongoza kwa simu yake kutoka Kiserian, na niliogopa, nikaacha.

Vibanda viliacha kununua mayai yake kimoja kimoja. Nilisikia pale pale dukani, kwa sababu wenye vibanda ni wateja wetu. Mmoja aliniambia akicheka kwamba sasa anayahesabu mayai kabla ya kuyavunja. Mwingine alisema alimuuliza Mama Mayai kama trei pia aliichukua kama ile dawa ya kwenye picha. Kile kibanda cha mwisho kilikuwa cha mama wa chapati karibu na steji ya matatu, na huyo alisema anamwonea huruma ila wateja wake wanamtania.

Mama Mayai alikuja kwa mlango wa nyuma, mahali tunapopokea magunia. Alikuwa na trei tatu, zote zimejaa, saa nane mchana.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sitaki kitu. Mwambie tu vile ilikuwa. Ni wewe na mimi tunajua."

Nikamwambia nitasema. Nilichukua siku nne nyingine.

Nilimwambia Madam jioni tukifunga, nikiwa nimeshika mlango ili nisimtazame. Nilieleza yote, Jumatatu, tarehe, katoni. Ilinichukua muda mrefu na hakunikatiza. Nilipomaliza aliendelea kufunga kufuli.

"Najua," alisema. "Niliiona hiyo pakiti kwa katoni siku ya pili. Ilikuwa imefunguliwa kona, na mwandiko wako wa bei uko juu. Sasa niambie, tangu hiyo picha iwekwe, ni nani amegusa rafu yangu?"

Akavuta kufuli kuona kama limeshika.

"Hakuna. Basi, toa. Imefanya kazi yake. Na wewe kesho uangalie tarehe."

Hakunifukuza. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeogopa kitu ambacho hakikuwepo, na yeye aliniacha niogope.

Asubuhi nilitoa flashi, nikafuta picha ya nne kwenye kompyuta ya saiba, nikairudisha. Kabla ya kutazama skrini nilimpigia Mama Mayai simu nikamwambia imetoka, aje. Sauti yake ilibadilika. Akasema atakuja na yule mama wa chapati aone kwa macho yake, halafu wengine watarudi.

Kisha nikaiwasha. Ilikuja bei ya chakula, maandishi ya kijani juu ya nyeupe, na chini, ndani ya ule weupe, kulikuwa na ukanda na herufi. Zilikuwa hafifu lakini zilisomeka zote. Nikadhani nimefuta picha isiyo sahihi. Nikachomoa flashi kabisa, na herufi zikabaki.

Nilikimbia kumwita kijana wa saiba. Aliitazama kwa ubavu, akafungua menyu, akauliza ni nani aliyezima kinga na ni nani aliyeiweka kwenye hali ya dukani. Ndipo nilipojua habari ya mwanga. Alisema plasma huungua, mahali palipowaka sana kwa muda mrefu panachoka kuliko pengine, na hakuna wa kuparudisha. Alibadilisha ikawa hali ya nyumbani, akawasha kwenye menyu weupe unaopita kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa ajili ya kufuta alama. Tuliuacha upite. Uso wa Mama Mayai, ambao ulikuwa umebaki kama uchafu wa kikombe, ulipungua mpaka sikuuona tena. Herufi hazikupungua. Nilimpigia Madam. Akasema bei zinasomeka au hazisomeki? Nikasema zinasomeka. Akasema basi niweke bei, duka halifungwi kwa sababu ya alama.

Simu ya Mama Mayai ilikuwa imezimwa. Nilijaribu mara nyingi.

Walifika karibu saa sita, yeye na mama wa chapati. Alikuwa amevaa leso ile ya kijani na viatu vya kanisani, na alibeba trei moja. Alisimama mbele ya skrini akiwa ametoa kifua mbele, kama mtu anayeonyesha nyumba yake. Ikapita picha ya chanjo, nyeupe karibu yote.

Mama wa chapati aliisoma. "Lakini bado iko," alisema, si kwa ubaya. Alingoja kidogo, picha ya vifaranga ikaja, na chini yake ilikuwa hivyo hivyo. Akasema ameacha unga jikoni, akaenda.

Mama Mayai alinitazama.

"Si ulisema umetoa?"

"Nimetoa," nikasema.

Aliweka trei chini. Akakunja pembe ya leso, akaipulizia pumzi, akainama akaanza kupangusa kioo pale chini, kutoka herufi ya kwanza kwenda ya mwisho, halafu akarudi. Alipangusa kwa bidii, kama mtu anayejua kwamba uchafu mwingine unahitaji muda. Ningeweza kumwambia kwamba alama haiko juu ya kioo, iko ndani. Nilisimama nyuma ya kaunta nikamwacha apanguse.