Tamko la Ukurasa wa Mwisho

Kwa muda mrefu niliapa kwamba sijawahi kuandikiwa hata sentensi moja na akili mnemba. Nilikuwa mhariri wa ofisi yetu, taasisi ndogo ya utafiti Mji Mkongwe, na vijana waliotumia programu hizo niliwacheka mbele za watu. Sasa nnakiri: ripoti yangu ya wanawake wanaouza katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, sura ya tatu iliandikwa na mashine. Mimi niliipamba tu.

Ofisi ilitaka kila ripoti iwe na tamko mwishoni: umetumia programu gani, kwa kazi gani, na nani amehakiki. Mkataba wangu ulikuwa unamalizika mwezi ule, na ripoti ndiyo ingeamua kama nitaongezewa.

"Andika 'imesahihisha lugha', basi," alinishauri mwenzangu wa meza ya pili. "Sote ndivyo tunavyoandika."

Nikajaribu. Sentensi ya kwanza ikatoka "akili mnemba ilitumika", kana kwamba iliingia yenyewe dirishani. Mimi, ninayewakosoa watu kwa kuficha mtenda wa kitendo! Nikaifuta, nikaandika kwamba niliipa programu mahojiano yote, majina nikiwa nimeyaondoa, ikayafupisha na kuniandikia rasimu ya sura ya tatu. Na kwamba nimehakiki kila dai.

Hapo nikaacha kuandika. Sikuwa nimehakiki chochote.

Nikarudi kwenye rekodi za mahojiano. Muuza samaki mmoja, kwa mujibu wa sura ya tatu, aliacha biashara kwa kukosa mtaji. Kwenye rekodi anasema wazi aliacha ili amuuguze mama yake, na mtaji anao. Mashine ilimpa sababu ambayo ripoti zote huipenda. Mimi nilikaa naye, nikanywa chai yake, na bado niliipitisha.

Nikaiandika upya sura nzima. Kwenye tamko nikaongeza kwamba rasimu ya mashine ilikuwa na makosa, nikataja hilo la muuza samaki, na kwamba kosa lolote lililobaki ni langu. Nikatuma, kisha nikawa kila simu ikilia nnaitazama kama nyoka.

Mkurugenzi, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, alipiga siku ya pili, mchana. Hakuniuliza hali, wala watu wa nyumbani. Kwetu mtu akiruka salamu, kuna msiba au kuna kufukuzwa.

"Dada, nimesoma tamko lako."

"Naam."

"Ripoti inakwenda kwa wafadhili kama ilivyo, na tamko lake. Mkataba njoo utie saini kesho."

Nikakaa kitako.

"Ila za wenzako zote nimezirejesha. Kila mmoja kaandika 'kusahihisha lugha'. Nimewataka waandike kama wewe."

"Usiwaambie ni mimi, tafadhali."

"Dada, nshawatumia tamko lako."