Mnada Katika Chumba cha Daktari

Mpaka leo, nikiwa mbali na Ufipa, nikisikia mtu gulioni akiita "Chagua, chagua!" miguu husimama yenyewe. Namkumbuka dada yangu, na asubuhi ile aliponadi mitumba mbele ya daktari.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungua biashara. Marobota ya mitumba yalikuwa yameanza kufika Sumbawanga, na dada akapata meza sokoni. Mimi nilipakia mizigo kwenye malori ya Kasanga, leo nipo, kesho sipo. Kila niliporudi nilifikia kwake Katandala, alikoishi na shemeji.

Asubuhi sauti yake ilivuka soko zima. Alasiri sauti hiyo ilikuwa imeingia puani, kope zimeshuka, suruali moja anaiona mbili. Jioni alishindwa kutafuna, akawa anaishikilia taya kwa mkono.

"Mama leo kapitia wapi?" wauzaji wenzake walimtania. "Tuachie na sisi kidogo!"

Dada hakuwa mtu wa pombe, lakini maneno ya sokoni yakamfikia shemeji, naye akayaamini.

"Mwezi ukiisha, meza anachukua wifi yako," alimwambia dada. "Siwezi kuchekwa na mji mzima."

Meza ile ndiyo kitu pekee ambacho dada aliwahi kukiita "changu".

Hospitali tulikuwa tumekwenda zaidi ya mara moja. Tulidamka kuwahi foleni, na hapo ndipo tulipokosea. Dada aliingia kwa daktari akiwa amelala usiku kucha, kisha amekaa kimya kwenye benchi, macho wazi, sauti safi. Walimpa vidonge vya kuongeza damu, tukarudi.

Safari ya mwisho shemeji alifuatana nasi, nadhani ili asikie mwenyewe kwamba mkewe haumwi. Daktari alikuwa mgeni kwetu, mtu mzima, mpole. Alimpima dada, akashika kalamu.

"Sioni kitu, mama."

Nikashindwa kuvumilia. "Shikamoo, daktari. Hapa hutauona ugonjwa wake. Njoo sokoni jioni."

"Marahaba. Kwani asubuhi huwaje?"

"Mzima. Hata mchana akijilaza kidogo, anaamka mzima. Akifanya kazi ndiyo anaishiwa."

Daktari akaiweka kalamu chini. "Mama, unauza nini?"

"Mitumba."

"Haya, niuzie. Tazama juu darini, usishushe macho, na unadi kama uko sokoni."

Dada aliona haya, akatutazama, kisha akaanza. "Chagua, chagua! Suruali ya baba, gauni la mama!" Watu wa benchi wakachungulia mlangoni. Aliita, akaita tena. Sauti ikaanza kulegea, ikapanda puani, maneno yakakosa ncha. Kope zikashuka taratibu, moja chini zaidi ya nyingine, ingawa alikuwa akijitahidi kutazama juu.

Shemeji alikuwa akimtazama mdomo wazi. Tangu alfajiri alikuwa naye. Hakuna pombe iliyopita pale.

Daktari akamtuma nesi chumba cha upasuaji kuleta dawa ya sindano, ile wanayotumia kurudisha nguvu za misuli baada ya usingizi wa operesheni. Alimchoma, pamoja na nyingine ya kuzuia mate na msokoto wa tumbo. Tukasubiri, na daktari akatueleza.

"Neva haigusani na msuli. Katikati kuna upenyo mdogo mno. Neva inarusha kemikali, na msuli una vipokezi vya kuidaka. Ni kama wewe unavyonadi, na wateja wanasikia. Sasa kinga ya mwili wako imekosea adui, inashambulia vipokezi. Wateja wamebaki wachache."

"Mbona asubuhi naweza?" dada aliuliza kwa pua.

"Kwa sababu mwito wa kwanza ni mkubwa, hata wachache wanatosha. Ukirudiarudia, kemikali inayotoka kila mara inapungua. Kwa watu wote ni hivyo, ila sisi vipokezi ni vingi, hatuhisi. Kwako haitoshi tena, msuli hauitiki. Ukipumzika, neva inajaza ghala lake. Dawa hii inazuia kemikali isivunjwe haraka, ikae hapo iwafikie hao wachache."

Alikuwa bado anaongea kope zilipoanza kupanda, kama mapazia yanayovutwa na mtu asiyeonekana.

"Nadi," daktari akasema.

"Chagua, chagua!" Sauti ilitoka hadi benchi. Nesi akauliza kama kuna sweta za watoto, tukacheka wote. Dada alicheka huku machozi yakimtoka.

Daktari alituonya kwamba dawa haiondoi ugonjwa, na kwamba akishindwa kumeza au kupumua tusisubiri kupambazuke. Akamwandikia vidonge, vingine anywe kabla ya chakula ili aweze kutafuna.

Tulipofika sokoni shemeji alimtandikia dada kanga juu ya marobota.

"Lala."

"Na wateja?"

Shemeji akapanda juu ya kigoda, akakohoa. "Chagueni... eh... nguo!"

"Baba, unauza au unaomba radhi?" mtu akapiga kelele.

Tangu siku hiyo asubuhi ilikuwa ya dada, na mchana wa shemeji. Hakuwahi kujua kunadi. Dada alijilaza juu ya marobota, kope kazifumba kwa kupenda kwake, akimsahihisha bei.