Mashine ya Kuandikia Miamba ya Mama

Ushauri ulinichosha kuliko laptopu yenyewe. Ilikuwa ya zamani, ya Windows, na ilishanionya kwamba toleo lake halitapata tena marekebisho ya usalama. Toleo jipya nalo likakataa kuingia, eti mashine haina vigezo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Kilwa Masoko, na kazi yangu ni kuandika na kuperuzi tu. Tangu kiharusi kinipige, mkono wa kulia haushiki kalamu. Kwenye kibodi, wa kushoto unatosha.

Na nilikuwa na haraka. Mama yuko kisiwani Songo Mnara, na kumbukumbu inamtoka. Alikuwa akinitajia majina ya miamba ambako yeye na wenzake walichokoa pweza kwa vijiti, majina yasiyo kwenye ramani yoyote. Kurekodiwa alikataa kabisa. Sauti ya mwanamke wa heshima, alisema, haizungushwi kwenye simu za watu.

Mpwa wangu wa Dar akaniambia ninunue Mac nipumzike. Ni nzuri, na chaji inadumu, lakini huku nani angeitengeneza? Jirani yangu, mwalimu wa sekondari, akaisifia laptopu yake ya Chromebook: nyepesi, inawaka upesi, kwa mtu wa kuandika na kuperuzi imetosha. Akaniazima niijaribu.

Nikavuka nayo. Kisiwani mtandao ukagoma. Maandishi yangu tulikuwa tumeyahifadhi mtandaoni, na si mimi wala jirani aliyekumbuka kuruhusu yafunguke bila mtandao kabla sijaondoka. Siku hiyo mama alichangamka kuliko kawaida. Majina yalimtoka mfululizo, na mimi nimeipakata mashine kama sinia tupu. Nilitamani kuitosa baharini, ila haikuwa yangu.

Niliporudi Masoko nilikwenda kwa fundi wa kompyuta nikiwa nimechoshwa na kila mtu. Akauliza ninaandikia wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilipomjibu, akachomeka flashi yenye Linux, ya kutumia badala ya Windows, akaniacha niijaribu kwanza, kisha akanakili mafaili yangu na kuiweka kwenye laptopu ileile ya zamani. Kazi zangu za Word zilifunguka. Jedwali moja tu ndilo lililopinda. Yote yalikaa ndani ya mashine, mtandao uwepo usiwepo.

Nikavuka tena. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba kama anavyomwitikia yeyote. Nikamsomea majina niliyokuwa nimeandika zamani, pamoja na yale machache niliyoyashika kichwani siku ile. Nikamwomba aniongezee yaliyobaki. Alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

“Nani kakufunza hayo?” akauliza.

“Mama yangu.”

“Hajambo?”