Barua Pepe Niliyoifyeka

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu kubwa ni kwa maneno ya bure. Katika ofisi yangu ya kuchapa barua mjini Kisii, wateja huniletea kurasa tatu za jambo la mistari mitano. Nafyeka bila huruma.

Mwalimu mmoja wa Manga aliingia Alhamisi asubuhi, kitambaa kikiwa kimefungwa vibaya kichwani. Mama yake alikuwa amepigwa. Wapwa watatu wa marehemu baba yake walimwita mama mchawi, wakamvunja mkono kwa mpini wa jembe, wakampasua kichwa kwa jiwe mbele ya wajukuu. Kisa kilikuwa majani chai: shamba la mama lilipakana na lao, nao walilitaka. Sasa walikuwa wametangaza sokoni kwamba Jumamosi, Wasabato wakiwa kanisani, watarudi kummalizia.

"Nimemwandikia mkuu wa kituo cha polisi barua pepe mbili, dada," akasema. "Hajibu."

Nikaisoma ya pili kwenye simu yake. Ilianza kwa kumtakia mkuu na familia yake afya njema na baraka za Mwenyezi Mungu. Kisha, "ningependa kuchukua nafasi hii adhimu kukujulisha ya kwamba". Mkono uliovunjika ulikuwa aya ya nne. Damu yote ile, na mtu anaomba radhi kwa usumbufu!

"Mwalimu, huyu ni mtu wa kusoma kwenye simu akiwa njiani," nikamwambia. "Ukimsalimia ukurasa mzima, mama atakufa kabla hujafika kwenye hoja."

Aliniangalia kama nimempiga kofi. Sikujali. Nikaketi kwenye kompyuta, nikaanza.

Kichwa cha habari kilikuwa "Salamu na ombi". Nikaweka "Tishio la kuua, Manga, Jumamosi hii". Salamu zikaenda. "Kwa kweli", "kama nilivyotaja hapo juu", "napenda kusisitiza tena", zote chini. Ombi la askari nikalipandisha mstari wa kwanza. Nikabakiza majina ya wale watatu, namba ya kupigwa kwa kwanza katika OB, kitabu cha matukio cha polisi, njia ya kufika nyumbani kwao, na simu ya mwalimu.

Jambo moja alikuwa amelirudia mara tatu: kwamba tangu apigwe, mama hakai tena nyumba kubwa, anashinda na kulala jikoni, kibanda cha nyasi nyuma ya migomba, kwenye mteremko. Aya ya pili nikalifuta kwa kuwa lilikuwa tena aya ya tano. Aya ya tano nikalifuta kwa kuwa lilikuwa tena mwishoni. Mwisho wote ulikuwa shukrani na maombi, nikaukata kwa pigo moja.

Mistari saba ikabaki. Nilijipenda sana siku hiyo. Mwalimu aliisoma haraka akatikisa kichwa kukubali, maana kila kitu alikuwa anakijua, na mtu anayejua haoni kilichokosekana.

Jibu lilikuja kabla hajamaliza chai yake. Mkuu alisema familia iende kanisani kama kawaida, mama abaki nyumbani, ili wale vijana wasishtuke. Askari wawili wangelinda nyumba kuanzia saa mbili asubuhi. Mwalimu alilia, akanishika mikono yote miwili.

Jumamosi askari walifika kwa wakati. Waliikuta nyumba kubwa ya mabati imefungwa, wakaamini mama amejifungia ndani, wakajificha wakilitazama lango la barabarani. Wapwa walipanda kutoka bondeni, kupitia majani chai. Walifunga mlango wa jikoni kwa waya, wakamwaga petroli kwenye nyasi. Askari waliuona moshi nyuma ya migomba. Wakadhani ni mtu anapika.

Ni mayowe yaliyowaondoa pale. Walipoukata ule waya kwa panga, paa lilikuwa limeshamwangukia. Mama aliishi siku mbili.

Mwalimu alirudi ofisini kwangu baada ya mazishi. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitamani anitukane, anirushie kiti, avunje ile kompyuta. Alitoa simu, akaiweka mezani ikionyesha barua yake ndefu, ile yenye salamu na baraka, akaweka kidole kwenye aya ya pili, kisha ya tano, kisha mwishoni.

"Wale askari wameniuliza mbona sikuwaambia analala jikoni," akasema. "Niliandika mara tatu, dada. Niliogopa wasije wakamkosa."