Utani Uliobaki Wizi

Mimi ndiye niliyevunja taya la shemeji yangu, ingawa siku hiyo sikuinua hata kidole.

Nilikuwa nimeacha ualimu nikawa ninatafsiri matangazo ya kampuni moja ya Nairobi. Wakaniletea maneno ya bango la pikipiki, litakaloning'inia juu ya duka la Kisii mjini ambako shemeji, kakake mke wangu, alikuwa muuzaji. Sikumwambia. Nilitaka bango lipande kwanza, ndipo nijigambe.

Kwa Kiingereza waliiita pikipiki "steal", neno la wizi ambalo husifia pia kitu cha bei rahisi mno, na utani wote ulikuwa hapo. Ukiutafsiri ulivyo, utani unakufa, unabaki wizi mtupu. Nikauacha, nikaandika: "Bei ya kutupa, pikipiki ya kutunza." Niliipenda, nasema kweli.

Lakini kampuni ile ilikuwa na desturi yake. Tafsiri hupewa mtu wa pili airudishe kwa Kiingereza, neno kwa neno, ndipo mwenye mali inayotangazwa aidhinishe. Yangu ilirudi ikizungumzia kutupa vitu. Mwenye mali, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, akauliza wizi wake umeenda wapi.

Nilibisha mara moja. Mara ya pili nikaambiwa watafsiri ni wengi. Nikaandika "Pikipiki hii ni ya wizi!" na kutia sahihi fomu kwamba tafsiri ni sahihi. Mwoga mkubwa mimi.

Bango lilipandishwa wiki ile ile mwendesha boda mmoja wa Kebirigo alipokatwa panga akafa, pikipiki yake ikachukuliwa. Wenzake wa mjini walipotoka kumzika walirudi kwa msafara, honi zikilia, wakayaona maandishi yale, na chini yake pikipiki nyekundu, rangi ya ile ya marehemu.

"Wameandika wenyewe!" mmoja akapiga kelele. "Hata aibu hawana!"

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye duka la dawa. Jiwe la kwanza lilipasua kioo. Shemeji akatoka na vitabu vya usajili wa pikipiki mkononi, awaonyeshe kwamba hazikuibwa.

"Ndugu zangu, ngojeni niwaeleze..."

Rungu likampata mdomoni. Akaanguka, wakamkanyaga. Niliyaona meno yake kwenye lami. Walichoma pikipiki tatu, wakamburuta kuelekea moto ule, na hawakumwachilia mpaka polisi walipofyatua risasi hewani. Muda wote huo nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta nikichungulia.

Mwezi uliofuata kampuni ilinipigia simu kwa sauti ya upole: je, bado nina ile ya kwanza? Wakaibandika juu ya ile ya zamani. Nilimpeleka shemeji kuiona, taya likiwa bado limefungwa waya. Aliisoma polepole, maneno yakimponyoka kwenye mapengo, kisha akacheka hadi akashika shavu kwa maumivu.

"Hii ni tamu, shemeji. Aliyeandika hii walimtoa wapi? Wangempea hiyo kazi toka mwanzo, si ningekuwa na meno yangu?"

Nikamwambia simjui.