Maswali Waliyomwuliza Yusufu

Kabla hujamwambia Bi Zaituni unataka nguo ya namna gani, yeye alitaka kujua unaivaa wapi. Ulikaa kwenye benchi barazani kwake Biryogo, kitambaa chako mapajani, ukaanza kumweleza habari ya kola na vifungo, naye hakunyanyua macho kwenye cherehani. "Kola iache kwanza, mama. Ni ya msikitini, ya sokoni au ya kwenye harusi?" Ukisema ya harusi, alitaka kujua wewe ni wa upande wa bibi harusi au mgeni tu. Ukisema ni sherehe ya mahari na utavaa mushanana, basi utepe wa kupimia ulibaki shingoni mwake, maana ile nguo ni ya kujifunga na kutupia begani, kipimo cha mabega ni cha nini? Wateja wapya walikasirika. Waliona mama huyu mweusi wa meno meupe, mjukuu wa mfanyabiashara aliyekuja na misafara kutoka Ujiji, anajitia polisi. Lakini hakuna nguo iliyofumuliwa kwa Bi Zaituni kwa sababu mwenyewe hakuulizwa jambo la maana.

Kazi yake ya pili hakuna aliyeikalia benchi. Bi Zaituni ndiye aliyeosha maiti wa kike Biryogo nzima, na ndiye aliyekata sanda zao. Alifundishwa na mama mkwe wake akiwa bado bibi harusi, na mumewe alipofariki akaendelea nayo kama mtu anavyoendelea kuteka maji. Hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Alichotaka ni kitu kimoja tu, wasimletee upuuzi nyumba ikiwa na msiba. Na mwaka ule wa 1974, siku aliyofariki Mwajuma mke wa Yusufu Sibomana, walimletea upuuzi wa kujaza gunia.

Habari ililetwa na Issa Munyaneza, dereva wa teksi. Alikuwa amepita hospitali asubuhi akamkuta Yusufu, fundi wa baiskeli, ameanguka langoni. Watu wa pale wakamwambia Issa kwamba Mwajuma amefariki katika uzazi. Issa akampakia Yusufu, akamleta nyumbani, akapita kwa Ramadhani Gasana, mkuu wa kamati ya mazishi. Gasana akatuma mtu kwa Bi Zaituni: akate sanda mbili, ya mama na ya mtoto.

"Mtoto gani?" akauliza Bi Zaituni, mkasi mkononi.

"Mtoto wa Mwajuma, shangazi. Mama alifariki katika kuzaa."

"Hilo nimelisikia. Mtoto naye? Nani kasema amekufa?"

Yule mjumbe akakuna kichwa. "Si... wamekufa wote? Mzee Gasana amesema sanda mbili."

Bi Zaituni akapima kitambaa cha mama, vipande vyake vyote vitano, akakikunja. Kitambaa cha mtoto hakukigusa. Akavaa kanga yake ya pili na kutoka, na jinsi alivyokuwa akitembea, wanawake waliokuwa wakichambua maharage njiani walivuta nyungo zao wampishe.

Nyumbani kwa Yusufu alikuta wanaume wamejaa ukumbini. Yusufu alikuwa ameketishwa mkekani, mgongo ukutani, macho yapo lakini hayaoni. Mbele yake, magoti kwa magoti, Gasana na wenzake wawili walikuwa wanamwuliza. Ya Rabi! Walikuwa wanamwuliza kama karani anavyomwuliza mtu aliyekuja kutafuta cheti.

"Yusufu, kaka, kaburi la mtoto tulichimbe ubavuni pa mama au miguuni?"

Gasana akamshika goti.

"Vijana wako makaburini tayari, wanangoja neno lako. La mama wameshamaliza. Na mtoto tumpe jina gani? Hawezi kuzikwa bila jina."

Yusufu akafumbua mdomo. "Mariamu," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza kutoka kisimani. "Kama wa kike, Mwajuma alitaka Mariamu."

"Ni wa kike?"

"Sijui."

"Basi tupe na la kiume, tukae tayari."

Hapo Bi Zaituni akapiga kofi mlangoni hivi kwamba mzee mmoja aliangusha tasbihi.

"Hee! Ramadhani Gasana! Huna haya?"

"Bi Zaituni, hapa ni wanaume—"

"Nimewaona. Nimekuuliza haya, sikukuuliza jinsia! Mnamdai jina la kaburini, na hakuna hata mmoja wenu anayejua kama kuna wa kuzikwa! Nani kamwona huyo mtoto?"

Gasana akasema mwezi uliopita, kwa yule mama wa mtaa wa Rwezamenyo, walifariki wote wawili. Ndiyo maana wamejua.

"Kwa hiyo yule wa Rwezamenyo ndiye kakwambia habari za huyu!" Bi Zaituni akamnyooshea kidole. "Sikiliza, bwana mkubwa. Kama mtoto hakutoka tumboni, anazikwa na mama yake, kaburi moja, na maneno yako ya ubavuni na miguuni yanaisha. Kama alitoka hana uhai, tunamwosha, tunamfunga kitambaa, tunamzika, hakuna kumsalia. Kama alilia halafu akafa, ana haki zote, josho, sanda, sala. Na kama yuko hai, Gasana? Kama yuko hai kaburi la nini? Unaanza na jina, unaanza na shimo, na hayo yote yananing'inia kwenye neno moja ambalo hukuliuliza! Mtoto alizaliwa? Anapumua? Uliza hilo kwanza, mengine yatajijibu au yatakufa yenyewe."

"Basi nilikuwa namwuliza baba yake," Gasana akasema, amejikaza.

"Baba yake hajui! Angalia. Huyu mtu unamwona ana kitu cha kukupa?"

Akachuchumaa mbele ya Yusufu. Hasira akaiweka kando kama mtu anavyotua mzigo, maana alijua kila swali kwa mtu wa aina hii ni kama kumvua ngozi, na Gasana alikuwa ameshayamaliza mengi kwa mambo ya bure. Yeye alikuwa na ruhusa ya moja, pengine mawili. Hakumwuliza habari ya mtoto. Kama Yusufu angejua, angekuwa ameshasema. Alimwuliza kile ambacho hata mtu aliyepigwa hivi anaweza kukijua.

"Mwanangu Yusufu. Nani alikupa habari pale hospitali?"

Yusufu akafikiri. "Dada wa materinite, kule wanakozalishia. Mukarugwiza. Alianza kusema... alisema mke wangu. Baadaye sikusikia tena."

"Inatosha, mwanangu. Hakuna atakayekuuliza kitu tena. Issa! Leta gari."

Ndani ya teksi Issa alianza, kama wote. Je, watafute maziwa ya kopo? Au wamchukue Fatuma Mukamana, jirani aliyekuwa na mtoto wa ziwa? Na Fatuma akienda, mumewe atakubali? Bi Zaituni akamkata. Hawajui kama yuko hai. Akiwa hai, hawajui kama amekomaa. Akiwa mchanga mno hatatoka hospitali, na mnyonyeshaji itabidi aje kule, hapo ndipo watajua kama wanahitaji mwanamke wa kulala wodini au jirani. "Mume wa Fatuma ana zamu yake, Issa. Tazama barabara."

Lakini moyoni hakuwa na utulivu wowote. Jua lilikuwa limepanda vizuri. Kama yule kiumbe alikuwa hai, basi alikuwa amelala mahali tangu alfajiri bila mtu wa kwao, huku ukoo mzima umekaa unajadili upana wa shimo lake. Alitamani kupiga mtu.

Mukarugwiza alikuwa mwanamke mnene mwenye gauni jeupe, na alipomwona mama mwenye kanga akija mbio kwenye baraza ya materinite, naye akaja juu kabla hajasalimiwa.

"Ni ninyi watu wa Sibomana? Mko wapi tangu asubuhi? Nimemwambia yule mume pale langoni, amedondoka, nikakimbilia maji, narudi, teksi imemchukua! Hakuna hata mtu mmoja amerudi kuuliza!"

"Dada, nigombeze baadaye, nina mwenzangu wa kugombezwa pamoja naye. Mtoto yuko hai?"

"Iko hai! Analia mpaka sauti imekauka. Nimempa maji ya sukari kwa kijiko, lakini si chakula hicho."

Bi Zaituni akashika nguzo. Kisha akauliza, moja baada ya jingine, bila kuruka: amekomaa? Amekomaa, mzito mzuri. Anaweza kutoka leo? Daktari ameshampima, akija mtu wa kumpokea anatoka. Anajua kunyonya? Anatafuta kidole cha kila anayemgusa. Sasa, sasa ndipo Bi Zaituni akageuka kwa Issa. "Haya. Mume wa Fatuma. Mwambie tunaomba ziwa la mkewe, na akikubali ajue mtoto huyu atakuwa ndugu wa wanawe wa kunyonya. Akikataa, nenda kwa mama Shabani, naye ananyonyesha. Na kwanza kabisa pita makaburini, uwaambie wale vijana kaburi ni moja. Wakiwa wameanza la pili, walifukie mbele ya macho yako."

Mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa mwekundu, amekunja uso kwa hasira, na Bi Zaituni alipombeba alimwambia, "Ndiyo, bibi. Kasirika. Una haki."

Issa alirudi kuwachukua, na walipofika Biryogo Fatuma alikuwa anangoja mlangoni, kifua kimelowa, mumewe alikuwa amekubali hata kabla Issa hajamaliza kueleza. Wanawake wakaanza vigelegele, wakakumbuka, wakajiziba midomo wakalia. Gasana alisimama uani, kofia mkononi. Bi Zaituni akampita kama anavyopita mlingoti. Alitaka kwanza kumwona Yusufu, maana mwili wa mkewe ulikuwa njiani, na baada ya Alasiri Yusufu angekwenda kuuzika.

Akamkuta pale pale ukutani.

"Yusufu, mwanangu, nimekuletea binti yako."

Hakunyoosha mikono. Alimtazama mtoto, akatazama chini. "Nimeshawapa jina lake," akasema polepole. "Mzee Gasana alilitaka la kaburini. Nimeshampa, shangazi. Nimeshamzika."

Bi Zaituni alisikia damu inampanda kichwani, na kama Gasana angekuwa karibu, mji ungepata msiba wa pili. Alichukua mikono ya Yusufu yenye mafuta ya minyororo ya baiskeli, mmoja, halafu mwingine, akamlaza mtoto ndani yake, na akaishikilia kwa nje isije ikaachia. Mtoto akageuza uso kwenye shati la baba yake, akatafuta, akapiga kelele.

Vidole vya Yusufu vilijikunja kidogo. Vikajikunja tena.

"Mbona yuko wa moto?" akauliza. Aliinua uso akawatazama wote, mmoja mmoja, mtu anayedai jibu. "Shangazi, mbona yuko wa moto hivi?"